Sasisho la Windows linagoma kila mara, na fundi anataka kufomati

Hujambo Mwalimu,

Nina saiba ndogo hapa Pipeline. Laptopu ninayoitumia mwenyewe, yenye Windows 11, ndiyo imebeba kazi za wateja: ritani za KRA, fomu za eCitizen, sivii za vijana. Wiki tatu zilizopita stima ilipotea kompyuta ikiwa inajisasisha. Betri yake ilikufa zamani, kwa hivyo ilizima papo hapo. Tangu siku hiyo sasisho linashuka hadi asilimia 100, linaanza kuingia, halafu linaandika Install error - 0x80070002. Nabonyeza Retry, linagoma vilevile. Bando linaniishia bure.

Fundi mmoja wa mjini ameniambia dawa ni kufomati tu, shilingi 2,500. Nina faili za miaka minne humo, na programu ya printa ambayo sidi yake ilipotea. Kijana wangu anasema nijaribu ile sehemu ya Troubleshoot, au niandike amri fulani kwenye dirisha jeusi, lakini naogopa kuharibu zaidi. Nifanyeje?

Mama Shiru, Pipeline

*

Mama Shiru, usifomati bado. Nasema hivyo kwa sababu ya namba uliyoninakilia. 0x80070002 ni njia ya Windows ya kusema: nimekwenda kuchukua faili, sikuikuta. Haisemi kwamba diski imekufa, wala kwamba Windows yote imeoza.

Faili hiyo inatafutwa wapi? Sasisho likishuka halikimbilii moja kwa moja ndani ya Windows. Linawekwa kwanza kwenye ghala, folda inayoitwa SoftwareDistribution, iliyo ndani ya C:\Windows. Humo kuna folda mbili zinazotuhusu. Moja ni Download, ambamo vipande vya sasisho vinatua. Nyingine ni DataStore, ambamo kuna daftari la kuandika kipi kimefika, kipi bado, na kipi kimeshaingizwa. Stima inapokatika ghafla na hakuna betri ya kushikilia, daftari linaweza kubaki limeandikwa nusu. Limeshaweka alama kwamba kipande fulani kimepokelewa, kumbe kwenye diski kipande hicho hakipo au kimekatika. Ukibonyeza Retry, Windows inafungua daftari lile lile, inasoma uongo ule ule, inakwenda mahali pale pale na kukuta patupu. Unaweza kubonyeza mpaka Krismasi.

Nataka uone tofauti hapa, kwa sababu wengi huko mitaani wanalaumu mtandao. Hotspoti ya simu ikikatika katikati ya kushusha, kwa kawaida haiharibu kitu. Kazi ya kushusha inaweza kufanywa na huduma iitwayo BITS, ambayo imeundwa kuendelea palepale ilipoachia mtandao ukirudi. Kinachoumiza ni kompyuta yenyewe kuzimika ikiwa inaandika.

Sasa tufanye kazi. Kwanza nakili faili za wateja kwenye diski ya nje au flashi. Hatua nitakazokupa hazigusi faili zako hata moja, lakini una nakala za vitambulisho na PIN za watu kwenye mashine iliyoonyesha dalili ya kuzimika vibaya, na hizo hazifai kukaa mahali pamoja tu. Kisha tazama nafasi: fungua Settings, ingia System, halafu Storage. Kwenye C: ningependa uwe na GB 20 zilizo wazi. Kama nafasi ndiyo ingekuwa shida, namba ingekuwa nyingine, 0x80070070, lakini kazi hii inataka pumzi. Mwisho, iwashe upya kwa Restart. Usitumie Shut down, kwa sababu kwenye laptopu nyingi Shut down huhifadhi sehemu ya Windows ili kesho iwake haraka, na uchafu wa jana unarudi nao. Restart ndiyo huanza upya kabisa.

Baada ya hapo kijana wako yuko sahihi, anza na Troubleshoot. Ingia Settings, System, Troubleshoot, Other troubleshooters, utafute Windows Update, ubonyeze Run iliyo kando yake. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 litafunguka dirisha la Get Help, nalo linataka intaneti na litaomba ruhusa ya kuendesha uchunguzi. Mpe. Kinachofanyika ndani ni kuangalia kama huduma za kusasisha zinawaka, kama kuna Restart inayosubiriwa, na mara nyingine kusafisha lile ghala. Likimaliza litakuuliza kama tatizo limekwisha. Usijibu kwa kubahatisha. Acha dirisha wazi, nenda Windows Update, jaribu kwanza.

Nisikufiche, kwa hali kama yako mimi huiona hatua hii ikifaulu mara chache. Inatibu huduma iliyolala, lakini daftari lililoharibika mara nyingi linairuka. Hata hivyo haichukui muda mrefu na haina madhara, kwa hivyo isijaribiwe mwisho. Ikishindwa, tunahamia dirisha jeusi, na hapo nitakwenda polepole.

Tutakachofanya si kufuta chochote. Tutazisimamisha huduma zinazolishikilia ghala, tutalipa ghala jina jingine, halafu tutaziwasha huduma tena. Windows ikitafuta SoftwareDistribution na kuikosa, inajijengea mpya, tupu, yenye daftari safi. La zamani linabaki kando na jina lake jipya, na mambo yakienda mrama bado lipo.

Kwenye kisanduku cha kutafuta andika cmd. Ikitokea Command Prompt, usiibonyeze tu, chagua Run as administrator, halafu Yes. Utajua umeingia sawasawa ukiona neno Administrator juu ya dirisha. Ukisahau hilo, amri ya kwanza itakujibu System error 5 has occurred. Access is denied. Ukiona maneno hayo, funga dirisha, ufungue upya ipasavyo.

Andika mstari mmoja, bonyeza Enter, soma jibu, ndipo uandike unaofuata:

```
net stop wuauserv
net stop bits
net stop cryptsvc
```

Ya kwanza ni huduma ya Windows Update yenyewe. Ya pili ni ile BITS niliyokutajia. Ya tatu ni inayokagua sahihi za faili ili kuhakikisha zimetoka Microsoft kweli na hazikuchezewa njiani. Kila moja ikisimama utaambiwa was stopped successfully. Ukiambiwa is not started, usishtuke. Maana yake ilikuwa imelala tayari, na sisi tunataka ilale.

Sasa majina:

```
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
ren C:\Windows\System32\catroot2 catroot2.old
```

Amri ya ren ikifaulu haisemi neno. Inarudi mstari mpya kimya, na kimya hicho ndicho unachotaka. Folda ya pili, catroot2, ni mahali pa kumbukumbu za ukaguzi wa sahihi, nayo pia hujijenga upya. Angalia sana hiyo namba 2 mwishoni. Jirani yake anaitwa CatRoot bila namba, na huyo haguswi kamwe.

Hapa ndipo watu wengi hukwama na kukata tamaa, kwa hivyo acha nikusimulie. Mwezi uliopita nilikaa na mwanafunzi mmoja wa Githurai, laptopu yake ina namba kama yako, nayo ilizimika stima ilipopotea. Huduma zote tatu zilisimama vizuri. Ren ya kwanza ikajibu Access is denied. Akanitazama kama mtu aliyevunja sahani ya watu. Kumbe wakati tukizungumza, huduma ya wuauserv ilikuwa imejiamsha yenyewe na kushika folda, kwa sababu Windows huruhusiwa kuiamsha wakati wowote inapotaka kuangalia masasisho. Tukazima Wi-Fi ili isiwe na sababu ya kutoka. Tukaandika net stop wuauserv tena, na bila kungoja tukabonyeza mshale wa juu kwenye kibodi mpaka ren ikarudi, Enter. Kimya. Folda ya catroot2 nayo ilitugomea mara mbili kwa sababu hiyo hiyo, safari hii cryptsvc ndiye aliyeamka. Tukasimamisha na kubadilisha jina kwa pumzi moja, ikakubali. Kwa hivyo ukikutana na Access is denied hapo katikati, na neno Administrator lipo juu ya dirisha, hujaharibu kitu. Umechelewa sekunde chache tu, rudia. Ikishindikana kabisa kwa catroot2, iache kwanza. Kwa namba yako, ghala la SoftwareDistribution ndilo ninalolishuku zaidi.

Ukimaliza, ziamshe:

```
net start cryptsvc
net start bits
net start wuauserv
```

Baadhi zinaweza kusema zimekwisha kuwaka. Sawa. Washa Wi-Fi, fanya Restart, kisha fungua C:\Windows utazame. Ukiikuta SoftwareDistribution mpya kando ya ile ya .old, umefaulu. Kama haipo bado, itazaliwa ukienda Windows Update na kubonyeza Check for updates.

Mambo mawili yatakushangaza. La kwanza, ukifungua Update history utakuta orodha imefutika, kama kwamba kompyuta haijawahi kusasishwa. Orodha hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye lile daftari tulilolisukuma kando. Masasisho yenyewe yamo ndani ya Windows, na ukibonyeza Uninstall updates chini ya ukurasa huo huo utaona mengine yakiwa yameorodheshwa. La pili linahusu mfuko wako: sasisho litashuka upya kuanzia sifuri. Usianze na bando la saa moja. Kama saiba ina Wi-Fi ya malipo ya mwezi, tumia hiyo. Na kama ni hotspoti ya simu ambayo Windows imeiwekea alama ya metered, sasisho linaweza kukaa tu bila kushuka, likisubiri. Hapo ingia Advanced options za Windows Update, uwashe Download updates over metered connections kwa siku hiyo, kisha uizime.

Wakati wa kuingiza, kuwa na subira ya kweli. Asilimia hazitembei sawasawa. Zinaweza kukaa 20 kwa muda mrefu kisha zikaruka. Kama laptopu yako ina kitaa cha diski, kitazame: kikipepesa, kazi inaendelea, hata kama namba imeganda. Laptopu ya yule mwanafunzi ilizima na kuwaka mara mbili yenyewe, ikakaa kwenye ule ukurasa unaokuambia usizime kompyuta kwa karibu nusu saa, ndipo ikafunguka. Mimi husubiri saa tatu kamili bila dalili yoyote ya uhai kabla ya kushikilia kitufe cha kuwasha mpaka izime. Hata hapo, mara nyingi Windows ikiwaka hurudisha ilivyokuwa kabla ya sasisho. Lakini hiyo ni dawa ya mwisho, kwa sababu ndiyo kitendo kile kile kilichokuletea ugonjwa.

Likiingia salama, tumia kompyuta siku chache kisha futa SoftwareDistribution.old na catroot2.old. Huenda zikakurudishia GB kadhaa.

Likigoma tena, soma namba kabla ya kufanya lolote. Kama imebadilika, kuna hatua tumepiga, na namba mpya ndiyo ya kufuata. Kama ni 0x80070002 ile ile, au imekuwa 0x80073712, basi ule mzimiko uligusa pia hazina ya Windows yenyewe, mahali inapohifadhi vipuri vyake. Fungua tena lile dirisha jeusi kama msimamizi, mtandao ukiwa umewashwa, uandike:

```
DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
```

Amri hii inakagua vipuri na kushusha vizima kuchukua nafasi ya vilivyooza. Kwa kuwa inavishusha kupitia Windows Update, ndiyo maana nimeiweka baada ya kulisafisha ghala na si kabla. Hupenda kusimama kwenye asilimia 62.3, na watu hufunga dirisha wakidhani imekufa. Iache. Ikimaliza na kusema The restore operation completed successfully, fuatisha hii:

```
sfc /scannow
```

Hii ya pili inalinganisha faili za Windows zinazotumika na vipuri vile vilivyotengenezwa, na kubadilisha zilizoharibika. Ndiyo maana haifai kutangulia: ingekuwa inatengeneza kwa vipuri vibovu. Fanya Restart, rudi Windows Update.

Kama DISM nayo itashindwa na kutoa 0x800f081f, imekosa mahali pa kupata vipuri. Hapo bado si kufomati. Kwenye tovuti ya Microsoft kuna faili ya Windows 11 yenye mwisho wa .iso. Ukiifungua Windows ikiwa imewaka na kuendesha setup iliyomo, ukachagua Keep personal files and apps, Windows inajisakinisha upya juu yake yenyewe na kuacha faili pamoja na programu zako, ile ya printa ikiwemo. Ni GB kadhaa na inataka saa chache. Hiyo ndiyo kazi ninayoona inafaa kulipia fundi, na ukimpelekea, mwambie kwa maneno hayo hayo: sakinisha juu, hifadhi faili na programu. Akisema haiwezekani, mtafute mwingine. Akikuambia ameikagua diski na imeanza kufa, hilo mwamini na umwombe akuonyeshe. Diski mbovu haiponywi na amri yoyote hapa, na wala kufomati hakuiponyi.

Limebaki moja, Mama Shiru, na ni hilo ninaloliona kubwa kuliko amri zote. Usifanye hata hatua moja kati ya hizi kabla ya kupata stima ya uhakika. Laptopu isiyo na betri ni sawa na kompyuta ya mezani isiyo na yuupiesi: stima ikipepesa sekunde moja, daftari jipya tulilolijenga linaharibika kama la kwanza. Kama una rafiki mwenye ofisi yenye jenereta, au jirani mwenye sola na betri, omba nafasi ya jioni moja ukafanyie huko. Halafu zile shilingi 2,500 za kufomati zitenge ziwe mwanzo wa betri mpya. Chukua namba ya modeli iliyoandikwa kwenye betri yenyewe, si ya laptopu tu, kwa sababu laptopu za jina moja huwa na betri za aina tofauti. Mpaka utakapoiweka, ingia Windows Update ubonyeze Pause updates, ili kompyuta isianze kujisasisha yenyewe saa mbili usiku ukiwa na foleni ya wateja na stima ya wasiwasi.